GED: masomo matatu nimefaulu, Hesabu imegoma kwenye 138. Nirudie au nihamie HiSET?

Dada_wa_Ghalani
Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, niko Marekani, shule niliiacha nikiwa kidato cha pili kwa sababu ya vita. Hapa nafanya shifti ya usiku kwenye ghala, watoto wawili, na lengo langu ni uuguzi. Chuo nilichouliza wameniambia mlango wa kwanza ni cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, basi nikaingia GED.

Matokeo yangu ni haya: Lugha 147, Sayansi 151, Jamii 149, Hesabu 138. Hesabu nimerudia na bado iko palepale. Nikijumlisha zote nne napata 585, wastani ni zaidi ya 146, lakini kwenye akaunti yangu inaonyesha sijamaliza. Je, hili ni kosa la mfumo? Na kuna mtu kazini kanishauri nihamie HiSET kwamba ni rahisi. Naombeni mwongozo kwa aliyepitia.

Mzee_Kijiwe
Pole sana mwanangu. Ushauri wangu, nenda kajisajili mtahiniwa wa kujitegemea NECTA. Ila kama hukumaliza kidato cha nne lazima uanze na QT kwanza, ukifaulu ndiyo unakwenda kwenye mtihani wenyewe. Mdogo wangu kapita hukohuko, leo ni mwalimu.

Dada_wa_Ghalani
Asante mzee wangu, shikamoo. Mimi niko Marekani, na huku chuo kinataka GED au HiSET. Lakini nashukuru kwa kunijali.

Mzee_Kijiwe
Marahaba. Aah, niliruka mstari wa kwanza. Basi nakaa pembeni nasoma, nina mjukuu huko huenda ikamfaa.

Kaka_Mkubwa_77
Dada, huo si mfumo kukosea, ila wanakuzungusha tu. Wastani wako umevuka 145, umefaulu. Wapigie simu uwaambie wakutolee cheti. Na kama Hesabu inakusumbua, omba ufanye kwa Kiswahili, hiyo ni haki yako kisheria.

Mwalimu_wa_Jioni
Nafundisha watu wazima madarasa ya jioni, wengi wao wanaongea Kiswahili, kwa hiyo naomba nirekebishe kabla dada hajapiga simu bure.

GED haina wastani. Kila somo linasimama peke yake na kila moja linataka 145 au zaidi, katika kipimo kinachoanzia 100 hadi 200. Ukipata 190 kwenye Sayansi haikusaidii hata alama moja kwenye Hesabu. Kaka, nadhani unakumbuka utaratibu wa zamani: kabla ya 2014 kulikuwa na masharti mawili, kiwango cha chini cha kila somo pamoja na wastani. Hilo limeisha. Na lugha zinazotolewa ni Kiingereza na Kihispania tu.

Habari njema, dada, ni kwamba yale matatu yako hayapotei. Unarudia Hesabu peke yake. Kwenye majimbo mengi unaruhusiwa kurudia mara mbili bila kungoja, na ukishindwa mara ya tatu unasubiri siku 60. Angalia sharti la jimbo lako ndani ya akaunti yako kabla hujapanga tarehe nyingine. Ila usikae miaka. Mtihani ulipobadilishwa mwanzoni mwa 2014, waliokuwa wamebakiza somo moja kwenye mtihani wa zamani walilazimika kuanza upya masomo yote.

Kaka_Mkubwa_77
Sawa mwalimu, la wastani nimekubali. Mimi nilifanya zamani, tena kwenye karatasi. Lakini HiSET si kweli inabeba aliye dhaifu kwenye somo moja?

Mwalimu_wa_Jioni
Hapo uko karibu na ukweli. HiSET ina mitihani mitano, kila mmoja una kipimo cha 1 hadi 20. Unatakiwa upate angalau 8 kila mtihani, jumla ya yote mitano ifike 45, na insha ipate angalau 2 kati ya 6. Ukiangalia, nane mara tano ni 40 tu, kwa hiyo kuna 5 za ziada ambazo unaweza kuzitoa kwenye somo unalolimudu. Kwa maana hiyo nguvu yako kwenye Sayansi ina kazi.

Lakini kwa dada huyu siishauri. Kwanza si majimbo yote yana HiSET. Pili, usitegemee kwamba alama zake tatu za GED zitahesabiwa huko. Angeanza tena mitihani mitano ili akimbie mmoja. Na aljebra ipo kotekote.

Dada_wa_Ghalani
Nimekuelewa mwalimu, nabaki GED. Sasa tatizo langu ni kwamba nasoma. Nina kitabu kikubwa, nimefika nusu, nafanya sehemu, desimali, asilimia, napata. Nikikaa kwenye mtihani naona maswali kama ya kitabu kingine.

Mwalimu_wa_Jioni
Nusu ya kwanza ya vitabu vingi ni namba tupu, na wewe umekaa hukohuko. Kwenye mtihani, takriban asilimia 55 ni aljebra na 45 ndiyo namba, vipimo na takwimu. Wanafunzi wangu wengi wanakwama kati ya 135 na 142 kwa sababu hiyohiyo: wanamaliza nguvu kwenye sehemu na desimali, ambazo kikokotoo cha kwenye skrini kingewafanyia, halafu mistari na milinganyo hawajaigusa. Bila kikokotoo ni maswali 5 ya mwanzo tu. Ukishayawasilisha huwezi kuyarudia, na yaliyobaki yote unakuwa nacho.

Jambo moja naomba ufanye. Nakuwekea swali, fanya kwenye karatasi bila kutafuta mtandaoni, kisha andika hapa hatua zako zote. Nataka kuona njia uliyopita.

Tangi linajazwa maji kwa kasi isiyobadilika. Dakika ya 3 lilikuwa na lita 46. Dakika ya 8 lilikuwa na lita 56. Dakika ya 20 litakuwa na lita ngapi?

Dada_wa_Ghalani
Nimefanya hivi: 56 gawanya kwa 8 nimepata lita 7 kila dakika. Kisha 7 mara 20 ni lita 140.

Fundi_Bomba
Mimi ningesema hivyohivyo. Si ndiyo kasi hiyo?

Mwalimu_wa_Jioni
Asanteni, hapa ndipo nilipotaka tufike. Jaribuni hiyo 7 kwenye ile taarifa nyingine. Kama ni lita 7 kila dakika, dakika ya 3 tangi lingekuwa na lita 21. Swali linasema 46. Kwa hiyo 7 imekataa yenyewe, hata bila majibu ya nyuma ya kitabu.

Mlichofanya ni hesabu ya uwiano, na uwiano unafanya kazi pale tu kitu kinapoanzia sifuri. Tangi hili halikuanza tupu. Hamuwezi kugawanya kiasi chote cha maji kwa muda, kwa sababu maji mengine yalikuwemo kabla ya saa kuanza kuhesabu. Kinachogawanywa ni mabadiliko: maji yameongezeka kutoka 46 hadi 56, yaani lita 10, na muda umetoka 3 hadi 8, yaani dakika 5. Kumi kwa tano ni lita 2 kila dakika. Ndiyo mteremko wa mstari.

Sasa rudini nyuma mtafute tangi lilianza na nini. Ndani ya dakika 3 liliingiza lita 6, na lilikuwa na 46, basi lilianza na 40. Kwa kifupi:

```
y = 2x + 40
```

Dakika ya 20 ni 2 mara 20, jumlisha 40, ni lita 80. Hakikini: weka 8 mahali pa x, unapata 56. Inakubali. Weka 3, unapata 46. Inakubali.

Dada, jibu lako lilikuwa 140, na kwenye mtihani ningeweka dau kwamba 140 ipo miongoni mwa machaguo manne. Watunga maswali wanajua watu wanapopotelea. Ndiyo maana unatoka chumbani ukijiona umefanya vizuri.

Dada_wa_Ghalani
Mwalimu! Hiki ndicho kinachonitokea, natoka nimeridhika kisha matokeo yanashangaza. Sasa nitajuaje swali ni la uwiano au la aina hii ya tangi?

Mwalimu_wa_Jioni
Chukua jozi mbili za namba ulizopewa, gawanya kila moja. Hapa 46 kwa 3 ni kama 15, na 56 kwa 8 ni 7. Hazilingani, basi kuna kianzio kilichofichwa, tafuta mabadiliko. Zikilingana, ni uwiano wa kawaida. Inachukua sekunde chache kwa kikokotoo, na muda upo: maswali 46 ndani ya dakika 115, yaani kama dakika mbili na nusu kila swali.

Utakuta umbo hilohilo limevaa nguo tofauti. Mara ni kampuni inayotoza ada ya kuanzia halafu kiasi kwa kila saa, mara ni jedwali lenye nafasi wazi, mara ni grafu unaulizwa ipi ina mteremko mkubwa. Wiki tatu zijazo acha kile kitabu, fanya haya tu: mteremko kutoka jozi mbili, mlinganyo wa mstari, na kutatua mlinganyo wenye x pande zote mbili. Baadaye ndiyo uguse milinganyo yenye x ya kipeo cha pili.

Na usikariri kanuni za maumbo. Karatasi ya kanuni wanakupa kwenye skrini, ina eneo, ujazo, mteremko, Pithagorasi, hata ile kanuni ndefu ya kipeo cha pili. Jifunze kuisoma upesi ili ujue ipi iko wapi.

Fundi_Bomba
Mwalimu samahani kudandia uzi. Mimi Hesabu nilipita, kilichonikwamisha ni Lugha, nina 141. Kusoma naelewa, na ile insha naandika ukurasa mzima. Mada ilikuwa ni kama saa za kazi zipunguzwe au zisipunguzwe, nikaeleza vizuri kabisa kwa nini zipunguzwe, nikatoa na mfano wa kazini kwangu.

Mwalimu_wa_Jioni
Huo mfano wa kazini ndio unanitia shaka. Insha ya GED haikuulizi wewe unaonaje. Wanakupa maandishi mawili yanayopingana, na swali ni: kati ya hawa wawili, hoja za nani zimejengwa vizuri zaidi? Unatakiwa uonyeshe kwamba mwandishi wa kwanza ameleta takwimu au ushahidi wa mtaalamu, na wa pili ameegemea hisia au kisa cha mtu mmoja. Ushahidi wote unatoka ndani ya maandishi waliyokupa. Unaweza kabisa kumtetea mwandishi ambaye moyoni hukubaliani naye, na ukapata alama zote.

Sisi tuliosoma kule nyumbani tulifundishwa insha ya kutoa maoni, utangulizi, mwili, hitimisho, na methali juu. Ndiyo maana nawaona wenye Kiingereza kizuri wanapata chini kuliko wenye Kiingereza cha kuungaunga ambao wamejibu swali. Muda ni dakika 45. Tumia kama 10 za mwanzo kusoma na kuandika pembeni: huyu kasema nini, kathibitisha kwa nini. Kisha chagua mwenye ushahidi mwingi. Na usinakili aya nzima za maandishi yao, insha iliyojaa maneno yao tu inaweza kupewa sifuri. Chukua maneno machache, kisha eleza kwa maneno yako kwa nini yana nguvu au hayana.

Fundi_Bomba
Kumbe. Hili darasani kwetu hatukuambiwa. Nitajaribu kuandika moja nikuwekee hapa, ukipata nafasi unipitishie macho.

Mwalimu_wa_Jioni
Weka, nitasoma mwisho wa wiki.

Papa_Jonas
Ndugu zangu, mimi nina swali tofauti. Nilimaliza sekondari kwetu Kongo, nina Diplôme d'État kabisa, asilimia 58. Nilipofika hapa nikaambiwa nianze GED, na sasa nipo darasa la Kiingereza nikisubiri. Je, Hesabu ya GED ni ngumu kuliko ile ya Examen d'État?

Dada_wa_Ghalani
Papa Jonas, sasa cheti unacho, GED ya nini tena?

Mwalimu_wa_Jioni
Dada kaniwahi. Papa, hicho ni cheti cha kumaliza sekondari. Kwa kawaida unachohitaji ni kukitafsiri na kukipeleka kwenye taasisi ya kutathmini vyeti vya nje, kama WES au nyingine inayotambuliwa na chuo unachokitaka. Wao wanaandika ripoti kwamba kinalingana na sekondari ya Marekani. Kabla ya kulipa chochote, uliza chuo chenyewe kinakubali ripoti ya taasisi ipi, maana hutofautiana, na vingine vinafanya tathmini wenyewe.

GED ungeihitaji kama karatasi zimepotea na haziwezi kupatikana tena. Hilo linawapata wengi waliokimbia, na kwao GED ni njia fupi kuliko kuhangaikia nakala kwa miaka.

Papa_Jonas
Ninacho, ila kimeungua pembeni, namba inasomeka. Asante sana mwalimu. Aliyenielekeza GED alikuwa mtu wa ofisi, nikaona anajua.

Kijana_Mtandao
Wakuu kuna njia ya mkato, kuna tovuti unapata GED nyumbani kwa siku mbili, unajibu maswali machache na cheti kinakuja kwa posta. Rafiki yangu kapata.

Nesi_Rehema
Kijana, usimpoteze dada. Mimi nimepita njia hii hadi uuguzi. Chuo hakiangalii karatasi ya ukutani, kinaomba rekodi ya alama itumwe moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa GED. Karatasi ya siku mbili haina rekodi kule. Rafiki yako atajua siku atakayoombwa.

Kufanyia nyumbani kupo kweli katika majimbo mengi, lakini ni mtihani uleule, msimamizi anakutazama kwa kamera, na hawakuruhusu kupanga tarehe mpaka uwe umepata rangi ya kijani kwenye GED Ready ndani ya siku 60 zilizopita.

Dada_wa_Ghalani
Da Rehema, hiyo GED Ready mimi sijawahi kuifanya. Nilidhani ni ya kupoteza hela.

Nesi_Rehema
Ifanye, lakini si sasa. Ni nusu ya urefu wa mtihani na inatabiri vizuri. Chini ya 134 ni nyekundu, 134 hadi 144 ni njano, 145 kwenda juu ni kijani. Faida kubwa ni ripoti yake, inakuorodheshea ujuzi uliokosa. Fanya baada ya zile wiki tatu za mwalimu, uone kama mistari imekaa. Mimi binafsi sikukaa kwenye mtihani mpaka nilipopata 150, ili siku mbaya isinishushe chini ya 145.

Na lingine kwa kuwa unataka uuguzi. Usilenge 145 tu. 145 inakupa cheti. Kuanzia 165 wanasema uko tayari kwa chuo, na vyuo kadhaa vinakusamehe mtihani wa kukupanga darasa. Baadaye shule nyingi za uuguzi zitakutaka ufanye TEAS, na humo Hesabu ipo tena, uwiano na vipimo. Ukiikimbia leo unaikuta mbele.

Mwalimu_wa_Jioni
Hapa natofautiana kidogo na Da Rehema, kwa heshima. Mtu anayefanya shifti ya usiku na watoto wawili, akingoja 165 anaweza kungoja mwaka. Achukue 145, aingie chuoni, Hesabu aiendeleze huko akiwa na msaada wa wanafunzi na mwalimu wa kila wiki. Nimeona wengi wakipotea katikati kwa kutafuta alama kubwa ambayo hakuna aliyewadai.

Nesi_Rehema
Na mimi nimewaona walioingia na 145 wakapangwa kwenye Hesabu za msingi zisizohesabiwa kwenye shahada, wakalipia muhula mzima, kisha wakaacha. Inategemea chuo. Dada, uliza chuo chako kama kinatumia alama za GED kupanga darasa la Hesabu. Wakisema hapana, mfuate mwalimu. Wakisema ndiyo, nifuate mimi.

Kaka_Mkubwa_77
Mimi nipo na mwalimu. Cheti kwanza.

Dada_wa_Ghalani
Jumatatu nikitoka kazini nawapigia chuo niulize hilo. Mwalimu, nimejitungia swali mwenyewe, nisahihishie: mshumaa unaungua sawasawa. Baada ya saa 2 una sentimita 17, baada ya saa 5 una sentimita 11. Nimegawanya kwanza kama ulivyosema: 17 kwa 2 ni 8.5, 11 kwa 5 ni 2.2, hazilingani, kuna kianzio. Mabadiliko: 11 toa 17 ni hasi 6, muda ni 3, basi hasi 2 kila saa. Kianzio 17 jumlisha 4, ni 21.

```
y = -2x + 21
```

Nimehakiki kwa 5, napata 11. Kilichonitatiza ni kuisha: utaisha saa ngapi? Nimepata 10.5, nikadhani nimekosea kwa kuwa si namba kamili.

Mwalimu_wa_Jioni
Hujakosea. Umeweka sifuri mahali pa y, ukapata 2x = 21, na x ni saa 10 na nusu. Majibu yenye desimali ni ya kawaida kabisa kwenye mtihani huu, na kuna maswali unayoandika jibu mwenyewe kwenye kisanduku bila machaguo. Kesho nakuwekea mengine matano, mawili yakiwa na x pande zote mbili.

Fundi_Bomba
Mwalimu, na kwenye kile kisanduku, nikiandika 21/2 badala ya 10.5 wanakubali?

Mwalimu_wa_Jioni
Soma maelekezo ya swali husika, mengine yanataja umbo la jibu wanalotaka. Yasipotaja, mimi nawaambia wanafunzi wangu waandike desimali kama inaisha, na sehemu kama haiishi, mfano theluthi. Usikadirie 0.33 pale ambapo hujaambiwa ukadirie.